Uso Haufanani Tena na Picha ya Rejea: Anza kwa Kufuta Maneno ya Uso

"Nimeeleza kila kitu, mpaka umbo la nyusi, na bado si yeye." Hilo ndilo lalamiko ninalokutana nalo zaidi kwa watu wanaoipa modeli ya akili mnemba picha ya mtu na kuitaka imtoe mtu huyo huyo akiwa na nguo nyingine, mahali pengine. Wakiona uso umeteleza, wanaongeza maelezo. Uso unateleza zaidi, nao wanaongeza tena. Mara nyingi dawa iko upande wa pili: kufuta.

Nimepanga makosa kwa dalili, yaani kile ambacho jicho linakiona kwanza. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi imetangulia na ya nadra imekuja mwisho. Majina ya vitufe na prompti zenyewe, yaani maandishi unayoipa modeli, nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini.

## Jaribio la kwanza, kwa dalili yoyote

Funga mbegu, yaani namba inayoamua bahati nasibu ambayo picha inaanza nayo. Kwenye programu nyingi ni kisanduku kilichoandikwa `Seed`. Kikiwa na `-1`, kila picha inaanza na mbegu mpya na huwezi kujua kama badiliko limetokana na maneno yako au na bahati tu. Chagua namba nne zozote, tuseme 11, 12, 13 na 14, utoe picha nne kwa prompti yako ya sasa. Kisha futa kila neno linalohusu uso, bakiza nguo, mwanga na mahali, na utoe nne nyingine kwa mbegu zile zile. Usiguse kitu kingine.

Ukiona sura imerudi, kosa lilikuwa kwenye maneno, na dalili nne za mwanzo zinakuhusu. Isiporudi, ruka moja kwa moja hadi dalili ya 5. Nasisitiza picha nne kwa sababu moja hudanganya: mbegu moja inaweza kukupa uso mzuri kwa prompti mbovu, ukakaa siku nzima ukiitetea prompti hiyo.

## Dalili ya 1: Uso ni mzuri, ni safi, ila ni wa mtu mwingine

Anayemjua mhusika husema "kama ndugu yake hivi". Kila kitu kimekaa mahali pake, macho yanang'aa, lakini yule mtu hayupo.

Sababu ya kwanza, na inazidi nyingine zote kwa mbali, ni maneno ya umbo la uso: taya, mashavu, macho, midomo, pua. Mtu huyaandika akidhani anaisaidia picha. Tatizo ni kwamba picha na neno havisemi kitu cha aina moja. Picha inaonyesha pua hii. Neno linataja kundi la pua, na modeli imelijifunza kundi hilo kutoka kwenye picha nyingi mno zilizoambatana na maelezo ya watu wengine. Ukiandika "mashavu yaliyoinuka" hujayaeleza mashavu ya mhusika wako. Umeita wastani wa nyuso zote zilizowahi kuelezwa hivyo, na wanaoelezwa kwa maneno ya namna hiyo mara nyingi ni wanamitindo na watu wa matangazo ya vipodozi. Ndiyo maana uso unaotoka huwa wa kuvutia kwa namna ile ile kila wakati.

Ndani ya mashine mambo huenda hivi. Katika IP-Adapter, njia iliyotoka mwaka 2023 na ambayo wengi bado wanaitumia pamoja na modeli ya Stable Diffusion, maneno yana mlango wake na picha ya rejea ina mlango wake. Katika kila hatua ya kuchora, kinachotoka kwenye milango hiyo miwili hujumlishwa. Hakuna kanuni inayosema picha ndiyo mkubwa linapokuja suala la sura. Mlango wa maneno ukiwa kimya kuhusu uso, picha inaamua peke yake. Ukiwa na maneno tisa kuhusu uso, kuna mashahidi wawili, na uso unaotoka ni mapatano kati yao.

Lipo pia kosa la binadamu, ambalo halisemwi vya kutosha: sisi wenyewe tunaeleza nyuso vibaya. Waombe watu watatu waeleze umbo la uso wa rafiki yao mmoja. Mmoja atasema wa mviringo, mwingine wa yai, wa tatu wa moyo. Kwa hiyo hata modeli ikikutii kikamilifu, inatii maelezo ambayo pengine si ya kweli.

Nichukue kisa changu. Dada yangu alihitaji picha ya wasifu wa kazi, akaniruhusu kutumia picha yake moja nzuri ambayo ametazama mbele, mdomo umefungwa. Nilitumia Stable Diffusion XL na IP-Adapter ya uso, `Control Weight`, yaani uzito wa picha ya rejea, 0.7, hatua 30. Prompti yangu ya kwanza ilikuwa hii:

```
portrait photo of a woman, oval face, high cheekbones, almond eyes,
full lips, small gap between front teeth, thick arched eyebrows,
soft jawline, dimples, flawless skin, grey blazer, office window light
```

Vipengele tisa vya uso, viwili tu vya mambo mengine. Zilitoka picha nne za mwanamke wa matangazo. Mama alipoonyeshwa aliuliza huyu ni nani. Nikafuta vyote tisa:

```
portrait photo of a woman, grey blazer, office window light
```

Kwa mbegu zile zile, tatu kati ya nne zilikuwa dada. Taya lake pana kidogo lilirudi, na nyusi zake, ambazo nilikuwa nimeziita nene zenye upinde, kumbe zimenyooka. Mimi niliyekua naye nyumba moja nilikuwa nimezieleza vibaya.

Kilichokosekana ni mwanya wa meno ya mbele. Hapo kosa halikuwa la maneno: picha ya rejea ilikuwa na mdomo uliofungwa, kwa hiyo haikuwa na la kusema kuhusu meno. Hii ndiyo hali ambamo neno la uso lina haki ya kuwepo, yaani pale picha inapokuwa kimya. Ukiwa na picha ya pili ya mhusika akitabasamu, itumie hiyo kwanza, maana itakuonyesha mwanya wenyewe badala ya mwanya wa kubuni. Mimi sikuwa nayo, basi niliongeza tabasamu, na mwanya nikauchelewesha:

```
portrait photo of a woman, smiling, grey blazer, office window light,
[small gap between front teeth:0.5]
```

Mabano ya mraba ni ya programu ya AUTOMATIC1111. Yanamaanisha kwamba maneno yaliyo ndani yasisikike mpaka nusu ya hatua iwe imepita. Hatua za mwanzo ndizo zinazopanga umbo kubwa, kama vile upana wa taya na nafasi ya macho. Za mwisho hushughulika na vitu vidogo. Neno likichelewa kuingia, linakuta uso umeshajengwa na linabaki na kazi yake ndogo. Nilianza na 0.7, meno yakawa yameshatulia na mwanya haukutokea. Kwa 0.5 ulitokea, na sura haikuyumba.

Sababu ya pili ya dalili hii ni sifa za jumla ambazo hazionekani kama maneno ya uso: `beautiful`, `perfect face`, `flawless skin`, `model`. Hazitaji kiungo chochote, ila zinavuta viungo vyote kwa pamoja. Kagua pia kama programu yako inajiongezea maneno yenyewe. Mitindo iliyotayarishwa mapema, inayochaguliwa kwenye orodha ya `Styles`, mara nyingi imebeba sifa hizi bila wewe kuziandika. Zima mtindo, rudia jaribio.

Ya tatu ni uzito mdogo wa picha. Baada ya kufuta, na si kabla, pandisha `Control Weight` kidogo kidogo, kutoka 0.7 hadi 0.8, kisha 0.85. Ukiupandisha huku maneno tisa yakiwa bado yapo, unazidisha mvutano tu: uso unakakamaa, na picha ya rejea inaanza kuleta mwanga wake, mkao wake, hata nguo zake.

Wanaotumia `img2img` bila kifaa cha uso wana hesabu tofauti. Hapo picha ya rejea ni mahali pa kuanzia tu, na `Denoising strength` ndiyo inayosema ni kiasi gani cha picha hiyo kifutwe kabla ya kuchorwa upya. Ikiwa 0.75, sehemu kubwa ya uso imeshapotea na maneno ndiyo yanayoujenga. Ishushe hadi kati ya 0.3 na 0.45. Ukipandisha `CFG Scale` katika njia hii, unayapa nguvu maneno peke yake, kwa kuwa picha ya kuanzia haipitii kwenye kizidisho hicho.

## Dalili ya 2: Ni yeye, lakini kitu kimoja usoni kimezidi

Pua imekuwa kubwa kama ya katuni, kovu moja limekuwa matatu, madoa machache ya shavuni yametapakaa mpaka shingoni.

Kwa kawaida umeandika kitu ambacho picha imeshakisema. Kovu lipo kwenye rejea, nawe ukaliandika, basi limehesabiwa mara mbili. Lifute. Kama umeliandika kwa sababu halikuonekana, angalia kwanza kama linaonekana kwenye rejea yenyewe: kovu lililo upande wa kivuli haliwezi kuhamia kwenye picha mpya.

Inayofuata ni uzito wa mabano, yaani namba inayozidisha nguvu ya neno. `(scar:1.4)` ni kupiga kelele. Kwa jambo lolote la uso sipiti 1.1, na mara nyingi natoa mabano kabisa.

Ya mwisho ni uvujaji. Neno halikai mahali ulipolilenga. "Madoa kwenye pua" yanasambaa kwa kuwa modeli inashika "madoa" vizuri kuliko inavyoshika "kwenye pua". Kwa hili maneno hayana tiba ya uhakika. Toa picha bila doa, kisha tumia `Inpaint`: paka rangi sehemu ile ndogo tu, na uandike prompti fupi kwa sehemu hiyo peke yake. Sehemu ambayo hukuipaka haiguswi, hivyo sura inabaki salama.

## Dalili ya 3: Sura ni yake, umri au rangi ya ngozi si yake

Tafuta maneno ya umri na ya asili ya mtu. Yote hayo huja kama kifurushi. `old` haileti mikunjo peke yake: inaleta mvi, inalegeza taya, inabadilisha hata nguo. Neno linalotaja asili ya mtu huleta pua, midomo na nywele za wastani wa kundi zima, juu ya zile ambazo picha ilishazionyesha. Rejea ikionekana vizuri, huhitaji lolote kati ya hayo. "Mwanamke" au "mwanamume" yanatosha.

Yakishafutwa na ngozi bado imepauka, chunguza mwanga. Maneno kama `high key` na `bright studio light` hupausha ngozi bila kutaja ngozi.

## Dalili ya 4: Uso unateleza kidogo kidogo kila unapohariri

Hii ni ya wale wanaotumia modeli za kuhariri kwa maagizo: unaweka picha na kuandika "badilisha shati liwe jeupe". Raundi ya kwanza sawa. Raundi ya tano, mtu amebadilika na huwezi kusema alibadilikia wapi.

Sababu ya kwanza ni kuhariri matokeo badala ya picha ya asili. Kila raundi huchora uso upya kwa tofauti ndogo, na raundi inayofuata inaichukulia tofauti hiyo kama ukweli. Rudi kwenye picha ya asili, ukusanye mabadiliko yote katika agizo moja au mawili.

Sababu ya pili ni ile ile ya maneno, ila hapa ina makali zaidi. Modeli hizi husoma sentensi kama orodha ya kazi. Ukiandika "badilisha shati, ila abaki na macho yake ya mlozi, midomo minene na kidevu chembamba", umetaja kazi moja na viungo vitatu, na viungo vitatu vinaweza kushughulikiwa kama mabadiliko. Andika shati, kisha maneno machache tu ya kulinda:

```
Change the shirt to white. Keep the face, expression and pose unchanged.
```

Neno "face" limebaki, ndiyo. Ila halielezi uso ukoje. Linasema tu usiguswe.

## Dalili ya 5: Maneno yote yamefutwa na bado si yeye

Hapa acha kuhangaika na prompti.

Tazama kwanza ukubwa wa uso kwenye picha unayotoa. Stable Diffusion huchora kwenye nafasi iliyobanwa mara 8 kwa kila upande. Uso wenye pikseli 64, kwa mfano wa mtu aliyesimama mbali, unabaki na vyumba 8 kwa 8 tu vya kuchorea. Hakuna sura inayoenea humo. Toa picha ya karibu zaidi, au chora uso upya kwa `Inpaint` ukichagua `Only masked`, ili programu ikuze sehemu hiyo kabla ya kuichora.

Kisha rudi kwenye rejea. Uso ulioinama, miwani yenye mng'ao, kichujio cha simu kilicholainisha ngozi: vyote hivi vimeshaubadilisha uso kabla hujaanza. Picha moja ya mbele, yenye mwanga ulioenea sawasawa usoni na isiyo na kichujio, inashinda picha tano mbovu.

Mwisho, angalia kifaa chenyewe. IP-Adapter ya kawaida husoma picha nzima kwa ujumla, mandhari na rangi pamoja; ile ya uso imefundishwa kwa picha za nyuso. InstantID, ya mwaka 2024, hutumia alama za utambuzi wa sura pamoja na nukta tano za macho, pua na pembe za mdomo, na kwa kawaida hushika utambulisho kwa nguvu zaidi. Kama uliweka ya kawaida ukidhani ni ya uso, umepata jibu lako.

## Jicho likichoka, pima

Baada ya picha thelathini, kila uso huanza kufanana na kila uso. Kipimo hiki cha Python hulinganisha picha mbili kwa maktaba ya `insightface`:

```python
import cv2
from insightface.app import FaceAnalysis
app = FaceAnalysis(name="buffalo_l")
app.prepare(ctx_id=-1)
v = lambda p: app.get(cv2.imread(p))[0].normed_embedding
print(v("rejea.jpg") @ v("mpya.png"))
```

Namba ikikaribia 1, nyuso zinakaribiana. Usitafute namba ya kufaulu iliyowekwa na mtu mwingine. Linganisha kwanza picha mbili halisi za mhusika. Namba hiyo ndiyo dari yako. Halafu pima prompti yenye maneno ya uso na ile isiyo nayo, kila moja kwa mbegu nne. Ukitaka kujua neno lipi hasa linaharibu, rudisha nusu ya maneno, pima, kisha gawa tena nusu iliyoshusha namba. Maneno tisa huisha kwa raundi tatu au nne.

Angalizo moja: ukitumia InstantID, kipimo hiki kinapendelea, kwa sababu kifaa kilichora kwa kufuata alama za aina hiyo hiyo. Hapo muulize mtu anayemjua mhusika, na usimwambie ipi ni ipi.

## Pa kusimama na kumwita mwenye kazi yake

Picha ikihitajika kwa kitambulisho, pasi ya kusafiria, faili la hospitali au ushahidi wa aina yoyote, acha hapo hapo. Hata uso unaofanana sana umechorwa, haukupigwa. Nenda kwa mpiga picha.

Ukitengeneza upya picha ya marehemu iliyochakaa, simama pale sehemu ya uso inapokuwa imeliwa kabisa. Modeli itaijaza kwa uso wa mtu asiyekuwepo, na familia itaukumbuka huo. Mrekebishaji wa picha za zamani ataanza kwa kuskani picha halisi kwa ubora wa juu na kutafuta picha nyingine za mtu huyo kabla ya kugusa chochote.

Mhusika asipokuwa amekubali uso wake utumike, kazi haianzi.

Na kama unahitaji uso ule ule katika picha nyingi, pembe na mwanga tofauti, rejea moja haitoshi hata uifanyie nini. Mtafute anayejua kufundisha LoRA, yaani nyongeza ndogo ya modeli inayojifunza mtu mmoja, umpe picha 15 hadi 20 za mhusika katika hali mbalimbali. Mtu huyo akianza kuandika maelezo ya kila picha ya mafunzo, tazama anachoandika kuhusu uso. Akitaja taya na macho katika kila maelezo, modeli itajifunza kwamba taya na macho ni vitu vya kutajwa, visivyo sehemu ya mtu mwenyewe, na siku ukiacha kuvitaja vitakuwa huru kubadilika. Mwombe aandike nguo, mahali na mwanga, na uso auache bila neno.